Tumbo Jumatatu, Msiba Jumanne

Barua ya kwanza ilisema tumbo. Ilisema, kwa lugha ya kiofisi iliyopigwa pasi ikanyooka, kwamba Jumanne iliyopita mwandishi alishikwa na maumivu makali ya tumbo, akashindwa kuhudhuria jaribio la pili la somo la Takwimu, na sasa kwa unyenyekevu mkubwa anaomba radhi kwa kutotoa taarifa. Ulikuwa uongo wa mchana kweupe. Na ulikuwa uongo wa ajabu, maana aliyeuandika alikuwa na sababu ya kweli ambayo kanuni za chuo zingeipokea bila kelele. Mama yake alikuwa amekufa.

Nyumbani walimwita Mziwanda kwa kuwa ndiye aliyefunga uzazi, na chuoni jina likamfuata kama lilivyo. Alikuwa mwaka wa tatu, mwaka wa mwisho. Katika somo la Takwimu alama za muhula zilikuwa arobaini: kumi za kazi ya nyumbani, kumi na tano za jaribio la kwanza, kumi na tano za jaribio la pili. Asiyefikisha kumi na sita haruhusiwi kukaa mtihani wa mwisho. Atarudia somo mwakani na wenzake watavaa majoho bila yeye. Mziwanda alikuwa na saba za kazi na nane za jaribio la kwanza. Piga hesabu mwenyewe. Ilipungua moja tu, na hiyo moja ilikuwa ndani ya jaribio ambalo hakulifanya.

Ilikuwaje? Jumapili ya kabla ya jaribio, kaka yake mkubwa alimpigia simu kutoka wodini alikolazwa mama.

"Mama anakuulizia," alisema.

"Jumanne nina jaribio, kaka. Nikitoka tu mlangoni nakuja moja kwa moja."

Akasikia kaka yake akimweleza mgonjwa, kisha sauti ya mama, nyembamba lakini yenye amri yake ileile, ikisema mwacheni mtoto asome. Basi mtoto akasoma. Jumanne akaamka mapema, akapiga mswaki, akatia kalamu mbili na kikokotoo mkobani, na saa mbili kasorobo alikuwa anapanda ngazi za jengo la mihadhara. Simu ikaita.

"Mziwanda, njoo nyumbani."

"Namalizia jaribio, kaka, ni saa moja tu—"

"Njoo nyumbani."

Hakusema wodini. Alisema nyumbani. Mziwanda akakaa pale pale kwenye ngazi, wenzake wakampita kushoto na kulia wakikumbushana kanuni, mlango wa juu ukafungwa, na yeye bado amekaa. Hakumwambia kiongozi wa darasa wala hakumtumia mhadhiri ujumbe. Alipopata nguvu ya kusimama alikwenda chumbani, akachukua kanga mbili, akaondoka. Walizika Jumatano. Jumapili jioni akarudi bwenini, na mwenzake wa chumbani alipomuuliza alikuwa wapi wiki nzima, alisema, "Kulikuwa na shughuli nyumbani."

Mwenzake huyo waliyemwita Wakili alikuwa mtu wa msaada kuliko wote bwenini, na hatari yake ilikuwa hapo hapo. Hakuna mwanafunzi aliyeingia matatani akakosa kutetewa naye. Ndani ya simu yake alitunza barua za kila aina ya kosa: kuchelewa ada, kupoteza kitambulisho, kukosa jaribio. Unabadilisha jina, namba ya usajili na tarehe, unakwenda kuchapisha.

"Kumi na tano za bure unaziacha?" alimaka aliposikia kuhusu jaribio. "Kanuni inasema siku saba. Kesho ndiyo ya sita, keshokutwa wamefunga kitabu. Hebu nione. Ninayo ya tumbo na ninayo ya bibi. Ya bibi ni tamu zaidi, ila kwa Kufuli usiipeleke. Unakumbuka alivyotufanyia."

Nani asingekumbuka? Mhadhiri wa Takwimu alikuwa na shahada zake zote na akiwepo aliitwa Daktari. Akishatoka aliitwa Kufuli, kwa kuwa saa mbili na dakika tano alifunga mlango na hata angekuja mkuu wa chuo angesubiri nje. Siku ya kwanza ya muhula aliandika ubaoni mfano wake wa uwezekano. Mwaka uliopita, alisema, darasa la watu tisini lilifanya majaribio mawili, na katika wiki hizo mbili walikufa mabibi kumi na wanne, mmoja wao mara mbili. Akauliza: ikiwa bibi wa kawaida hufa mara moja tu maishani mwake, je, jaribio la Takwimu huongeza hatari ya kifo mara ngapi? Darasa zima lilivunjika mbavu. Mziwanda alicheka mpaka machozi yakamtoka, na jioni yake alimsimulia mama yake kwenye simu, mama naye akacheka.

Sasa umwendee mtu huyo na msiba. Umwambie mama yangu, naye aongeze mstari kwenye hesabu yake. Na hata angeamini, Mziwanda alijiona mwenye hatia kubwa zaidi ya kukosa jaribio. Alikuwa amemwacha mama afe bila kumwona kwa ajili ya alama kumi na tano. Je, leo amtumie mama huyo huyo kama tiketi ya kuzidai? Roho ilikataa. Tena kulikuwa na jambo jingine dogo na gumu zaidi: tangu Jumanne hakuwa ameitamka wala kuiandika sentensi yenyewe. Watu wa nyumbani waliilia, yeye alipika chai na kuosha vikombe.

"Nipe ya tumbo," alisema.

Jumatatu asubuhi barua ya tumbo ilipokelewa masjala, ofisi ya kupokea na kutunza barua, ikagongwa muhuri, ikapelekwa kwa mhusika. Jumanne saa tatu kiongozi wa darasa alimtumia ujumbe: Daktari anakuita ofisini.

Ofisi ya Kufuli ilikuwa chumba chembamba chenye kabati la chuma na viti viwili, kimoja kikiwa kimebeba majalada. Mziwanda alisimama.

"Shikamoo, Daktari."

"Marahaba. Tumbo linaendeleaje?"

"Linaendelea vizuri."

"Nafurahi." Aliishika barua kwa ncha za vidole. "Barua nzuri. Imenyooka. Muhula uliopita niliipokea mara tatu, ikiwa na majina tofauti. Nimeanza kuipenda. Kiambatisho kiko wapi?"

"Kiambatisho?"

"Fomu ya zahanati ya chuo, yenye muhuri na jina la aliyekutibu. Ugonjwa bila fomu ni hadithi. Bila ushahidi siwezi kumwandikia mkuu wa idara kwamba naunga mkono, na mkuu wa idara asipotia saini, hilo jaribio linaingia sifuri. Wewe nimekuangalia hapa, una kumi na tano. Sifuri itakumaliza."

Mziwanda akaangalia sakafu. Wakili alishamwambia yuko mtu zahanati anayeweza kutoa fomu ya juzi, na kwamba wanaofanya hivyo ni wengi. Uongo mmoja tayari ulikuwa umempotezea siku nzima. Wa pili wenye muhuri wa kughushi ungempeleka kamati ya nidhamu. Mdomo ukafunguka kabla hajaupangia la kusema.

"Haikuwa tumbo. Nilikuwa na msiba."

Kufuli aliiweka barua mezani taratibu. Hakukasirika, na heri angekasirika.

"Tumbo Jumatatu, msiba Jumanne," alisema. "Jumatano utaniletea mafuriko?"

"Ni kweli, Daktari."

"Wa nani?"

Hapo ndipo palipomshinda. Alifungua mdomo, akaufunga. Mwalimu wa hesabu za uwezekano alimtazama akitafuta jina la marehemu, akafanya hesabu yake, akapata jibu lililokuwa dhahiri kwake.

"Sikiliza, binti. Leo ni siku ya saba. Masjala wanafunga dirisha saa tisa na nusu. Kama una msiba, una karatasi, kwa sababu siku hizi hata kufa kuna fomu. Andika barua mpya. Ndani yake uiondoe hii ya kwanza kwa maandishi, useme sababu uliyoitaja haikuwa ya kweli, maana imeshaingia kwenye jalada na siwezi kuila. Uambatishe ushahidi. Ilete niione, nikiweka maoni yangu uikimbize ikagongwe muhuri wa tarehe ya leo. Ikigongwa kesho, hata mimi siwezi kukusaidia. Na ukija na karatasi ya kubuni, nitakupeleka nidhamu mwenyewe kwa miguu yangu."

Nje ya jengo alimpigia kaka yake. Alimwomba picha ya karatasi ya hospitali.

"Ya nini tena?"

"Chuoni wanaitaka. Kwa ajili ya jaribio."

"Hukuwaambia siku ile ile?"

"Sikuwaambia."

"Mziwanda wewe," alisema, si kwa ukali, na dakika chache baadaye picha ikaingia. Aliiona ni karatasi nyeupe iliyokunjwa mara nne, na hakuifungua.

Kwenye duka la kuchapishia karatasi karibu na lango kulikuwa na foleni ya watu wenye ripoti. Zamu yake ilipofika, mchapishaji, mtu mchangamfu mwenye kalamu sikioni, alipokea picha akaipanua kwenye kioo cha kompyuta.

"Imepigwa gizani hii. Nikuongezee mwanga?"

"Ongeza."

Akaongeza. Herufi zikajitokeza moja moja. Taarifa ya kifo. Jina kamili la mama, lile la kwenye vyeti ambalo hakuna aliyewahi kumwita. Umri. Saa ya kufariki: saa moja na dakika ishirini asubuhi. Mchapishaji akasogeza picha huku na huku ili muhuri usikatike.

"Jina linasomeka? Au nilikuze?"

"Linasomeka," alisema Mziwanda.

"Ngapi?"

"Tatu. Moja ya mhadhiri, moja ya jalada, moja yangu."

Mashine ikamtolea mama yake mara tatu, wa moto. Mchapishaji akazipanga kingo, akabana kwa pini, na akageukia ripoti ya mtu mwingine.

Saa moja na dakika ishirini. Mziwanda alikuwa anapiga mswaki saa hiyo. Kwa hiyo hata angekimbia kutoka kwenye ngazi, hata angekuwa na mbawa, asingemkuta. Alitegemea jambo hilo limpunguzie mzigo. Halikumpunguzia. Jumapili ilikuwepo, na Jumatatu nzima ilikuwepo, na angeweza kwenda.

Aliandika barua kwa mkono, maktaba, kwa kuwa hakutaka tena kitu cha simu ya Wakili. Juu kulia anwani yake na tarehe. Kushoto: Kwa Mkuu wa Idara, kupitia kwa Mhadhiri wa somo la Takwimu. Katikati, kwa herufi kubwa na kupigiwa mstari: YAH: KUOMBA RADHI KWA KUKOSA JARIBIO LA PILI BILA TAARIFA NA KUOMBA JARIBIO MAALUMU. Kisha, "Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu." Jina, namba ya usajili, mwaka wa masomo, tarehe na saa ya jaribio. "Naiondoa barua yangu ya jana, ambayo sababu niliyoitaja haikuwa ya kweli. Naomba radhi kwa hilo pia." Mpaka hapo kalamu ilikwenda vizuri. Ilipofika kwenye sababu, ikasimama. Alikaa nayo nusu saa. Mwisho akaandika, "Sababu ya kutohudhuria ni kama inavyoonekana kwenye kiambatisho namba moja," akatia saini, akajiona amevuka.

Saa nane na nusu alikuwa tena mbele ya Kufuli. Kufuli aliisoma barua yote, kidole kikifuata mistari, akafika kwenye kiambatisho namba moja, akafunua.

Alilinganisha jina la ukoo kwenye karatasi na jina la ukoo kwenye barua. Akaangalia muhuri. Akaangalia saa.

"Mama mzazi?"

Mziwanda akatikisa kichwa kukubali.

"Kwa nini hukuileta hii kwanza?"

Alikuwa ameapa kutomjibu swali hilo, akajikuta anajibu. "Ulisema mabibi wanakufa wiki ya jaribio. Tukacheka. Mimi pia nilicheka, Daktari."

Kufuli alivua miwani akaishika. Uso wake bila miwani ulikuwa wa mtu mzee zaidi na asiyejua afanye nini na mikono yake. "Ule ulikuwa mfano tu," alisema, na alipoisikia sauti yake mwenyewe hakuendelea nao.

"Siku yenyewe ulikuwa wapi, taarifa ilipokufikia?"

"Hapa hapa. Kwenye ngazi. Ulipita na karatasi za jaribio kwapani. Ukaniambia, wanaopenda kukaa ngazini wakae, mimi saa mbili na dakika tano nafunga."

Alikumbuka. Ilionekana wazi kwamba alikumbuka, kwa sababu alianza kupanga majalada ambayo yalikuwa yamepangwa tayari. Kisha akanyanyuka, akayatoa majalada kwenye kiti cha pili na kuyaweka sakafuni.

"Keti."

Akaketi.

"Barua yako ina upungufu mmoja," alisema, sasa kwa sauti ya chini, kama mtu anayelazimika kudai kitu asichotaka kukidai. "Mkuu wa idara hasaini barua inayosema angalia kiambatisho. Viambatisho hupotea kwenye majalada, pini zinafunguka. Sababu lazima iwe ndani ya barua yenyewe, kwa mkono wa mwombaji. Ningeweza kukuandikia mimi. Haitakubalika."

Alimsogezea karatasi nyeupe na kalamu. Mziwanda aliinakili barua upya, kwa haraka, mpaka akafika pale pale. Kalamu ikasimama tena. Kufuli aligeukia dirisha, akasimama akiangalia maegesho ya magari yasiyokuwa na cha kuangalia.

Mama yangu mzazi alifariki dunia siku hiyo saa moja na dakika ishirini asubuhi, nami nilipata taarifa nikiwa njiani kuingia kwenye jaribio.

Ndiyo hiyo tu. Mistari miwili. Aliisoma ikawa inasomeka kama ya mtu mwingine, kisha ikawa yake. Akaongeza kwamba anaambatisha ushahidi, kwamba yuko tayari kufanya jaribio maalumu siku na saa atakayopangiwa, na kwamba anatanguliza shukrani. Wako mtiifu. Saini.

Mziwanda akanakili ya pili, ya kubaki nayo, na Kufuli akaandika pembeni ya zote mbili kwa wino mwekundu: Nimeona kiambatisho cha ushahidi na nimeridhika. Naunga mkono. Alhamisi saa nne, ofisini kwangu. Akaweka saini na tarehe. Alisita, kalamu ikiwa hewani, kana kwamba palikuwa na nafasi ya kuongeza neno jingine, lakini barua za namna ile hazina nafasi hiyo, naye alikuwa mtu wa fomu.

"Saa tisa na dakika kumi," alisema. "Kimbia."

Alikimbia. Masjala ilikuwa jengo la pili, ghorofa ya chini, dirisha dogo la kioo na nyuma yake karani mnene mwenye sweta, ambaye chuo kizima kilimwita Mama Masjala. Mbele ya Mziwanda alikuwa jamaa mmoja mwenye kofia, barua mkononi. Karani aliisoma, akaingiza kwenye daftari lake: tarehe, kutoka kwa, kuhusu. Akagonga muhuri mara mbili, nakala ya ofisi na nakala ya mwenyewe.

"Bibi mzaa mama au mzaa baba?" aliuliza.

"Mzaa... baba."

"Pole sana, mwanangu."

"Asante, mama," alisema jamaa, na alipogeuka Mziwanda aliona tabasamu likimponyoka.

Zamu yake. Alisukuma karatasi chini ya kioo. Karani alisoma kichwa cha habari, akasoma chini, midomo ikicheza. Akaandika daftarini. Aliinua muhuri, akahakikisha tarehe, akagonga. IMEPOKELEWA. Akagonga nakala ya pili. Saa ya ukutani ilikuwa saa tisa na dakika ishirini na mbili. Basi, ilikuwa imekwisha; Alhamisi atafanya jaribio, na alama moja haitamshinda.

"Pole sana, mwanangu," alisema karani.

Sauti ilikuwa ileile, uzito uleule, wala haikupanda wala kushuka. Mziwanda alijikuta hawezi kuondoka dirishani.

"Yule aliyetoka sasa hivi, naye umempa pole."

"Nimempa."

"Na kama bibi yake yuko hai?"

Karani alifunika wino wa muhuri. "Basi bibi yake ana pole ya akiba, haimdhuru. Mimi nakaa huku nyuma ya kioo, mwanangu, sijui nani kafiwa na nani anacheza. Nikianza kuchagua, iko siku nitamnyima mwenye maiti nyumbani. Ndiyo maana nawapa wote." Akamtazama, kisha akasogeza kioo kidogo. "Wewe umepewa na nani mwingine hapa chuoni?"

"Hakuna."

"Hakuna hata mmoja?"

"Sikumwambia mtu."

Karani akavuta pazia la dirisha nusu, muda ulikuwa umefika. "Mimi nafunga," alisema. "Benchi hilo halifungwi. Kaa."

Mziwanda akakaa. Na pale, kwenye ukumbi ambao watu walipita na bahasha, alimlilia mama yake kwa mara ya kwanza, kwa sauti, kama walivyolia wenzake wiki nzima wakati yeye akiosha vikombe. Alilia mkono mmoja ukiwa usoni. Wa pili aliunyoosha pembeni, mbali na machozi, umeshika nakala yenye muhuri, kwa sababu Alhamisi wangeidai.